Shati la drafti kwenye harusi ya sare

Mama wa bwana harusi alikuja na simu yake imefungwa kwa kitambaa, akaifungua taratibu, akanionyesha picha moja. Ndugu saba wamesimama mstari mmoja uani, Bombo, wakiwa na mashati ya rangi ya damu ya mzee. Sita ndio walikuwa na hayo mashati. Wa saba, wa pili kutoka kushoto, alikuwa na shati la drafti, buluu na nyeupe, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, mtoto mdogo amekaa kwenye mkono wake wa kushoto.

“Huyu alitoka Mutukula usiku,” mama akasema. “Basi liliharibika njiani, akafika watu wameshakaa. Shati lake la sare lilibaki kwa fundi. Mwanangu, naomba umvalishe kama wenzake. Picha inakwenda ukutani, sitaki kila mgeni aulize kwa nini huyu yuko peke yake.”

Nilimwuliza kama mwenyewe anajua. Akampigia simu palepale, tukaongea, ndugu akacheka, akasema yuko radhi. Ndipo nikaipokea kazi.

Nimekulia Bombo, mtaani kwetu Kiswahili na Kinubi vinapokezana kwenye sentensi moja, na kazi hii ya kusafisha picha naifanyia Kampala, hatua chache kutoka Barabara ya Nasser kwenye mashine za kuchapa. Mashati ya mistari na ya drafti ninaletewa mara nyingi: picha za kitambulisho, za kwaya, za marehemu. Kwa miaka mingi nilikuwa nayaharibu. Nataka kueleza hili moja kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kwamba drafti inaweza kutoka kwenye picha bila mkunjo hata mmoja kuguswa, na kwamba hesabu yake ni ndogo.

Kwanza niseme kinachotokea ukienda kwa njia ambayo kila mtu huanza nayo. Unachagua shati, unaweka leya ya rangi nyekundu nzito juu yake, unaichagulia hali ya kubadilisha rangi tu bila kugusa mwanga. Buluu inaondoka kweli. Lakini drafti inabaki palepale, sasa ni vyumba vya wekundu mzito juu ya wekundu mwepesi, kwa sababu drafti haikuwa rangi peke yake. Uzi wa buluu unarudisha mwanga mchache kuliko uzi mweupe. Umebadilisha rangi, ule uchache wa mwanga umeuacha ulipo.

Njia ya pili ni kutia ukungu mpaka vyumba vipotee. Hapo unakutana na tatizo jingine: ukungu haujui kutofautisha ukingo wa chumba cha drafti na ukingo wa mkunjo. Ukiongeza wa kutosha kufuta chumba, umeshafuta na ule mstari mkali wa giza unaotoka kwapani, na mshono wa bega, na kivuli chembamba chini ya kola. Shati linabaki kama kipande cha sabuni kilichotumika. Watu hawajui kusema kilichokosekana ni nini, lakini wanakwambia, “Hili shati kama la mdoli.”

Kuna wanaokata shati la jirani na kulibandika. Kwa picha hii lilikuwa jambo la kuvutia, maana jirani sita wamevaa shati lenyewe. Lakini ndugu huyu amebeba mtoto. Uzito wa mtoto unavuta kitambaa kutoka kwapani kwenda kwenye kiwiko, mikunjo mitano inafunguka kama vidole, na mkono wa mtoto umeshika kola. Hakuna jirani mwenye mikunjo hiyo. Ukimbandikia kifua cha mwingine, mkono wake unakuwa umebeba mtoto asiye na uzito.

Kwa hiyo swali ni hili: ndani ya picha, kipi ni cha kitambaa na kipi ni cha mwanga?

Chukua nukta moja ya shati. Namba unayoisoma pale imetokana na vitu viwili vilivyozidishwa: mwanga uliofika pale, na sehemu ya mwanga huo ambayo uzi umeirudisha. Mkunjo unapunguza cha kwanza. Drafti inapunguza cha pili. Na kwa kuwa ni kuzidisha, dawa yake ni kugawanya. Hapa ndipo nilipokosea miaka yote ile, nilikuwa najumlisha.

Nitoe namba za shati lile lile, maana nilizisoma kwa kitone cha rangi, kwa kipimo cha kuanzia 0, giza tupu, hadi 255, mwanga kamili, na nikaziandika kwenye daftari. Kifuani, penye mwanga mzuri, chumba cheupe kilisoma 210 kwenye chaneli ya buluu, na chumba cheusi zaidi cha drafti 176. Tofauti ni 34. Ukiongeza 34 kwenye vyumba vyote vya giza, kifuani vinatoweka kabisa, unafurahi. Sasa nenda ndani ya mkunjo chini ya kwapa. Huko cheupe kinasoma 112, na cha giza 94. Ongeza 34 upate 128. Chumba kilichokuwa cha giza kimekuwa king'avu kuliko cheupe cha jirani yake! Drafti imerudi ikiwa imegeuzwa, na imerudi kwenye mikunjo tu. Ukiona shati ambalo kifuani ni safi lakini kwenye vivuli pana gridi hafifu yenye mwanga, jua aliyelifanya alijumlisha.

Gawanya badala yake. 176 ni 0.838 ya 210. Ndani ya mkunjo, 94 ni 0.839 ya 112. Ni namba ileile. Namba zimepungua karibu nusu, lakini uwiano wa uzi wa buluu kwa uzi mweupe haukusogea, kwa sababu uzi ni uleule. Gawanya 176 kwa 0.838 unapata 210, gawanya 94 kwa 0.838 unapata 112. Drafti imeondoka kote kuwili na mkunjo umebaki na kina chake.

Lakini chumba kimoja kimoja utakigawanya mpaka lini? Shati lile lilikuwa na vyumba zaidi ya elfu. Inabidi upate picha ya drafti yenyewe, isiyo na mikunjo, uitumie yote kwa mara moja kama kigawanyo. Na picha hiyo tayari imo ndani ya picha uliyo nayo.

Angalia kitambaa chenyewe kwa karibu. Shati la drafti la aina hii lina rangi mbili tu za uzi, lakini jicho linaona tatu. Nyuzi za wima zimepangwa kundi jeupe, kundi la buluu. Nyuzi za mlalo vilevile. Nyeupe ikipita juu ya nyeupe unapata chumba cheupe. Buluu juu ya buluu, chumba cha giza. Nyeupe na buluu zikikutana, chumba cha kati, ambacho ukikikaribia kwa kioo ni vidoa vya rangi zote mbili. Kwa hiyo kuna ngazi tatu, na kila ngazi ina uwiano wake.

Sasa tenganisha picha kwenye chaneli zake tatu. Mimi natumia programu ya GIMP, ni `Colors > Components > Decompose`, chagua RGB na uiache itoe leya. Kabla ya hapo nenda `Image > Precision` uweke 16 biti, maana kugawanya kwa 8 biti kunaleta ngazi-ngazi kwenye vivuli laini. Unapata leya tatu za kijivu. Ziangalie moja moja, ni jambo la kupendeza kweli. Kwenye leya nyekundu drafti inapiga kelele: uzi wa buluu haurudishi wekundu mwingi, kwa hiyo cheupe kinasoma 214 na cha giza 92. Kwenye leya ya buluu drafti ni hafifu, zile 210 na 176 nilizozitaja. Lakini mikunjo ni ileile kwenye leya zote mbili, kwa sababu kivuli kinapunguza wekundu na ubuluu kwa pamoja.

Basi gawanya nyekundu kwa buluu. Mkunjo uko juu na uko chini ya mgawanyo, unajifuta wenyewe. Kinachobaki ni drafti tupu, imenyooka kama kitambaa bado kiko kwenye gombo dukani. Weka leya nyekundu chini, ya buluu juu yake, hali ya leya ya juu iwe `Divide` ya kundi la `Legacy`, halafu `Layer > New from Visible`. Mara ya kwanza nilipoiona leya ile nilisimama kidogo. Vyumba vinapindapinda kufuata mwili, lakini kivuli hamna. Cheupe kilisoma karibu 255 kifuani na 250 ndani ya kwapa. Cha giza kilisoma karibu 133 kifuani, na kwapani kikashuka kidogo tu.

Leya hii ndiyo ramani. Inasema wapi pana uzi wa buluu na kwa kiasi gani. Bado haisemi namba sahihi ya kugawanyia, kwa hiyo inatafsiriwa kwa `Curves`, kwa nukta tatu za ngazi tatu:

```
ramani   kigawanyo
255  ->  255
219  ->  236
133  ->  214
```

Namba za kushoto nimezisoma kwa kitone kwenye ramani: cheupe, cha kati, cha giza. Za kulia zinatoka kwenye leya ya buluu. Cha giza ni 0.838, zidisha kwa 255 upate 214. Cha kati kilisoma 194 kwenye buluu, ambayo ni 0.924 ya 210, na hiyo ni 236. Shati lako litakuwa na namba zake, lakini utazipata hivi hivi: pima vyumba vitatu vilivyo jirani kabisa, penye mwanga tulivu, mbali na mkunjo.

Ramani ikishapita kwenye `Curves`, iweke juu ya leya ya buluu, hali ileile ya `Divide`. Drafti inazama. Ni nukta tatu tu, na shati zima linakuwa jeupe, na vidole vitano vya mikunjo kutoka kwapani viko palepale vilipokuwa, na makali yao yote, kwa sababu hakuna mahali tulipotia ukungu. Tengeneza tena leya mpya kutoka kwenye kinachoonekana. Hiyo naiita leya ya kivuli, na ndiyo mali ya kazi nzima.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini msingi uwe buluu na si nyekundu? Kihesabu hata nyekundu ingefaa. Lakini kwenye nyekundu, chumba cha giza ni 92 kwa 214, ingebidi ukiongeze zaidi ya mara mbili ili kifikie cheupe, na chembechembe zote chafu za kamera zinaongezeka nacho mara mbili. Vyumba vingetoweka kwa mwanga lakini vingeonekana kwa ukurutu: hapa laini, hapa kama mchanga. Kwenye buluu ongezeko halifiki hata moja ya tano. Kwa hiyo msingi siku zote ni chaneli ambayo mstari ni mng'avu zaidi, yaani chaneli ya rangi ya mstari wenyewe. Mistari myekundu kwenye shati jeupe, msingi ni nyekundu, na ramani ni buluu au kijani igawanywe kwa nyekundu.

Nilipokagua shati zima nikiwa nimevuta picha hadi asilimia 200, nilikuta mambo mawili hayajakaa.

La kwanza lilikuwa chini, karibu na mkanda. Vyumba vya kati vilikuwa bado vinaonekana, kama mtu aliyevichora kwa penseli akavifuta vibaya. Sababu yake ni udongo. Wanaoijua Bombo wanajua udongo wetu ulivyo mwekundu, na picha ilipigwa uani, adhuhuri. Jua linapiga ardhi, ardhi inarudisha wekundu juu, pindo la shati linaupokea. Pale chini cheupe hakikuwa cheupe tena, kilisoma 128 kwenye nyekundu na 100 kwenye buluu. Ukigawanya unapata zaidi ya moja, na leya haiwezi kushika zaidi ya nyeupe kabisa, kwa hiyo inakatwa. Chumba cha kati nacho kilivuka moja, kikakatwa vilevile, na ramani ikaviona viwili hivyo kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana hakikurekebishwa.

Dalili hii ukiijua huhangaiki na `Curves`. Tatizo liko kabla ya kugawanya. Nilirudi kwenye leya nyekundu, nikaitengenezea nakala, nikaipunguza kwa `Levels` upande wa `Output Levels` kutoka 255 hadi 199, kwa kuwa 100 kwa 128 ni 0.78. Nikaiwekea maski ya mteremko, giza kabisa kifuani, nyeupe kabisa kwenye pindo, ili upungufu uingie pole pole. Nikagawanya upya. Vyumba vya kati vikaonekana kwenye ramani, na kwenye leya ya kivuli vikatoweka. Na kwa kuwa leya ya buluu haikuguswa, kivuli chenyewe hakikubadilika.

Kinyume chake hutokea kivulini chini ya mti au nyuma ya jengo, ambako mwanga unatoka angani na una ubuluu. Huko cheupe kinaonekana kama chumba cha kati, na ramani inakiongeza mwanga kisichostahili: unaona baka linalong'aa katikati ya kivuli. Dawa ni ileile, upande wa pili.

La pili lilikuwa nyuzi. Kwenye ukingo wa kila chumba palikuwa na mstari mwembamba, nusu giza nusu mwanga, kiasi kwamba ukikaza macho shati zima lina wavu wa buibui. Hili halikutokana na hesabu. Picha za simu huhifadhiwa kwa JPEG, na kwa kawaida JPEG huhifadhi mwanga kwa ukamilifu lakini rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu. Vyumba vya shati hili vilikuwa na upana wa kama pikseli 9 kila kimoja. Rangi ikichafuka pikseli mbili kila ukingo, ramani na msingi havikutani sawasawa pale. Picha ikishapita kwenye simu tatu kwa meseji, inabanwa upya kila mara, na wavu unakuwa mnene zaidi. Kwa hiyo kabla sijaendelea nilimwomba mama anitafutie aliyepiga picha, anitumie faili yenyewe kama hati, si kama picha. Alinipa siku iliyofuata. Wavu ulipungua hadi ukawa wa kutafuta.

Uliobaki niliutoa kwa `Median Blur` ya pikseli 2 kwenye nakala ya leya ya kivuli, na maski nyeusi, kisha nikapaka nyeupe kwa brashi mahali pa wavu tu: kifuani, tumboni, juu ya mkono. Mishono, kola, mfuko na yale makali ya mikunjo ya kwapani sikuyapaka. Pikseli 2 ni kidogo kuliko mkunjo wowote wa shati hili, na ni kubwa kuliko uzi wa wavu. Mahali nilipopaka palikuwa laini kuliko mashati ya jirani, nikarudisha chembechembe kidogo, nikilinganisha na bega la ndugu aliyesimama kulia.

Sasa rangi. Hapa watu huona kazi imekwisha, na hapa ndipo mashati mengi yanapofia. Ukichukua leya ya kivuli iliyotoka kwenye shati jeupe ukaipaka damu ya mzee kwa `Multiply`, unapata shati lenye rangi sahihi na vivuli dhaifu. Linaonekana limepauka, kama limefuliwa mara mia.

Kitambaa cheupe kina mwanga wake wa ndani ya mkunjo. Mwanga ukiingia kwenye bonde la kitambaa cheupe unagonga ukuta mmoja, unarudishwa karibu wote, unagonga ukuta wa pili, unarudi tena, kwa hiyo bonde halifiki giza kamili. Kitambaa cha rangi nzito kinameza mwanga kwenye mgongano wa kwanza. Bonde lake ni jeusi zaidi, hata kama mkunjo ni uleule na jua ni lilelile. Shati letu la drafti lilikuwa karibu lote jeupe na buluu hafifu, majirani ni damu ya mzee. Vivuli vyake havingeweza kulingana na vyao bila kuongezwa kina.

Bahati ya kazi hii ni kwamba kipimo kilikuwa pembeni. Nilichagua shati la ndugu wa kulia, mkunjo wa kwapa unaoelekea upande uleule na jua. Penye mwanga chaneli yake nyekundu ilisoma 120, ndani ya mkunjo 46. Kivuli kinabakisha 0.38 ya namba. Leya yangu, kwa mkunjo unaofanana, ilikuwa 112 kwa 210, yaani 0.53. Ili 0.53 iwe 0.38 unaipandisha kwa kipeo cha kama 1.52, na hicho kwenye `Levels` ni kitelezi cha katikati kikiwekwa 0.66, kwa maana moja gawanya kwa 1.52. Nikakisogeza hapo. 210 ikashuka hadi 190, 112 ikashuka hadi 73, na 73 kwa 190 ni 0.38. Mkunjo wa ndugu aliyechelewa ukawa na kina cha mkunjo wa nduguye.

Mtu asiyekuwa na jirani wa kupimia afanye nini? Mimi huanza na 0.7 kwa rangi nzito na kuangalia kwa macho. Kwa rangi za maji ya kunde na samawati hafifu sigusi kabisa. Na kazi ikienda kinyume, shati zito likitakiwa kuwa jeupe, kitelezi kinapanda juu ya 1, na hapo kuna kikomo kikali: kama kamera iliandika giza tupu ndani ya mkunjo, hakuna kitu cha kupandisha, unapandisha uchafu.

Rangi yenyewe ya kumwaga si ile unayoiona kwenye shati la jirani. Ile tayari imeshazidishwa na mwanga. Ukimwaga 120, 28, 40 juu ya kivuli cha 190, unapata shati lililo giza kuliko wote. Gawanya kwanza: 120 kwa 190 mara 255 ni 161, vivyo hivyo kwa mbili nyingine, ikatoka `a12636`. Nikaimwaga kwenye leya ya `Multiply`, nayo ya kundi la `Legacy`, yenye maski ya shati, kisha nikarudi na kitone kifuani kuhakikisha. Ilisoma 121, 28, 40. Nikaiacha.

Palibaki mambo madogo ambayo hayataki hesabu ila macho. Vifungo vya sare vilikuwa vya rangi ya shati, vya kwake vyeupe, na `Multiply` ilivigeuza vyenyewe, hilo lilikuwa zawadi. Vidole vya mtoto kwenye kola nilivitoa kwenye maski kimoja kimoja. Ndani ya kola nilipunguza mwanga kidogo. Na chini ya kidevu palikuwa na mwanga mweupe uliorudishwa na shati la zamani. Shati zito lisingeuleta, nikapunguza pale kwa brashi laini sana, mara mbili, nikaacha.

Kuna kitu kingine nilichokiona ambacho hakiwezi kurekebishwa. Drafti inamsaidia mtazamaji kuona umbo. Vyumba vinapopinda kwenye tumbo au kuzunguka mkono, jicho linajua pale pana mviringo, hata kama kivuli ni kidogo. Ukiondoa drafti, umbo linategemea kivuli peke yake, na picha iliyopigwa kwa taa ya mbele haina kivuli. Mashati ya picha za kitambulisho huwa bapa kwa sababu hii. Huwa naongeza kivuli laini kwenye pande za mikono, kidogo, na namwambia mteja kwamba nimeongeza.

Na njia hii yote haifai kwa mistari myeusi. Nyeusi, kijivu na nyeupe zina nyekundu na buluu kwa uwiano uleule, ukigawanya unapata ukuta mweupe, ramani hamna. Tena uzi mweusi ukisoma 30 penye cheupe cha 210, ungepaswa kuuongeza mara saba, na ndani ya 30 ile hakuna mkunjo wa kuokoa. Mistari myeusi ikiwa myembamba, pikseli 3 au 4, natumia `Filters > Generic > Dilate`, inayotanua penye mwanga, nairudia mpaka panafunika mstari, halafu narudisha mishono kwa maski. Ikiwa mipana, najaza kwa mkono kutoka kwenye nafasi nyeupe za pembeni, na bei inakuwa nyingine kabisa, kwa sababu hapo siokoi mikunjo, naichora.

Picha ilichapwa Nasser siku ya Alhamisi. Jumamosi mama alikuja kuichukua pamoja na yule ndugu mwenyewe, ambaye alikuwa Kampala kwa mizigo yake. Mama alihesabu mashati, saba, akaridhika. Ndugu alisogea karibu, akaangalia uso wake, akaangalia mtoto. Kisha akaweka kidole kwenye mkono wa kushoto, akakifuata kile kivuli kirefu kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko.

“Hapa ndipo alipokuwa ananivuta,” akasema. “Alikuwa anataka kushuka.”